Kumaliza Mzigo Uliododa: Dirisha la Duka Lipangweje?

Sikukuu zikishapita na mauzo yakipoa, vioo vya maduka ya nguo na viatu katika miji yetu hujaa maandishi mekundu: ofa, bei chee, tunamaliza mzigo, punguzo hadi asilimia 70. Baadhi ya vioo hivyo hubaki hivyo hivyo miezi sita, na mzigo uliotangazwa kwamba unakwisha bado uko palepale. Wenye maduka nao hawaelewani juu ya njia iliyo sahihi. Fundi mabango humshauri mtu ajaze kioo chote kwa stika. Jirani yake humwambia mali ya zamani isiwekwe mbele kabisa, itachafua jina la duka. Kijana aliyesomea upambaji humwambia atoe karibu kila kitu, aache jozi tatu na taa nzuri.

Ushauri wote huo una watu wanaoweza kuapa kwamba uliwasaidia, na huenda wanasema kweli. Unapingana kwa sababu kila mmoja alikuwa na mzigo wa aina yake, uliododa kwa sababu yake. Uchambuzi huu unaanza na sababu hizo, kisha unapima misimamo mitatu, halafu unashuka kwenye maandishi, taa na mfano wa duka la viatu.

## Mzigo hudoda kwa nini

Mali inayolala dukani huwa imelazwa na moja ya sababu tatu.

Ya kwanza ni saizi. Viatu vinavyoagizwa China huja kwa katoni, na katoni huwa na mpangilio wake wa saizi ambao mnunuzi mdogo hauchagui. Saizi za katikati hutoka haraka, za pembeni hubaki. Duka likiagiza katoni nyingine ya mtindo uleule ili lipate saizi zinazotafutwa, linaongeza pia zile zisizotafutwa. Baada ya mwaka mmoja au miwili rafu imejaa viatu vizuri, visivyo na kasoro yoyote, ila ni vya namba 36 na 41 tu. Hapa bidhaa haijakataliwa na mtu. Mteja wake yupo, lakini ni mmoja kati ya wengi wanaopita, na hajui kwamba duka lina saizi yake kwa wingi.

Ya pili ni mtindo kupitwa. Saizi zote zipo, bidhaa ni nzima, ila watu wameacha kuitaka. Viatu vya ofisini vyenye ncha ndefu ni mfano mzuri. Tatizo la mzigo wa namna hii liko kwenye thamani. Bei ya jana haiendani tena na jinsi mteja anavyoiona bidhaa leo.

Ya tatu ni uchakavu wa kukaa, nao ndio unaosahauliwa zaidi. Kitambaa kilichokaa karibu na kioo hupauka upande uliopigwa na jua. Gundi ya kiatu huachia kwa joto. Raba zenye soli ya poliyurethani, ile laini na nyepesi, huharibika kwa unyevu wa hewa hata kama hazijavaliwa, na miji ya pwani ina unyevu mwingi na joto jingi. Soli ya namna hii inaweza kuonekana nzima kwenye boksi kwa miaka, kisha ikamomonyoka siku ya kwanza ya kuvaliwa. Kuitambua si kazi ngumu. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba kisha ukunje kiatu nyuzi 45. Ikiacha nyufa ndogo, ikinata, au ikitoa unga mkononi, imeshakwisha.

Sababu hizi tatu hazidai dirisha moja. Saizi zinadai kutangazwa kwa anayezihitaji, mtindo uliopitwa unadai bei mpya inayoonekana wazi, na uchakavu unadai uchambuzi kabla kitu hakijapanda dirishani.

## Msimamo wa kwanza: jaza kioo

Wafuasi wa njia hii husema mteja wa bei ya kutupa anavutwa na wingi. Akiona viatu 80 vimerundikwa dirishani na maandishi mekundu kutoka juu hadi chini, anaelewa mara moja kwamba hapa pana bei. Dirisha lililopangwa kistaarabu humtia hofu, kwa sababu anajua upambaji mzuri hulipiwa na mteja.

Hoja hiyo ina nguvu, hasa katika mitaa ya biashara ambako duka linashindana na meza za machinga zilizo hatua mbili tu mbele yake. Rundo ni lugha ambayo mnunuzi wa mtaani anaielewa. Tena halihitaji gharama kubwa wala mtaalamu, na mwenye duka anaweza kulipanga upya kila jioni kadiri mali inavyopungua.

Udhaifu wake uko katika muda alio nao mpita njia. Mtu anayetembea kawaida hupiga zaidi ya mita moja kwa sekunde, kwa hiyo dirisha la mita 3 humpita kwa sekunde mbili au tatu. Hata akianza kulitazama akiwa mita 8 nyuma, hafikishi sekunde 10. Katika muda huo jicho haliwezi kuchagua kiatu kimoja kati ya 80. Anabaki na ujumbe mmoja tu, kwamba kuna vitu vingi vya bei rahisi, na ujumbe huo anaupata pia kwa jirani na kwa jirani wa jirani. Mwenye namba 41, ambaye ndiye hasa anayetafutwa, anapita bila kujua kwamba aliitwa.

Kuna na udhaifu wa pili. Stika zikifunika kioo chote huzuia watu kuona ndani, na mteja asiyeona ndani husita kuingia duka asilolijua.

## Msimamo wa pili: mali ya zamani ikae ndani

Upande huu unasema dirisha ndilo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote dukani. Pango hulipwa kwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na sehemu kubwa ya fedha hiyo inalipia zile mita chache zinazotazama barabara. Kuipa mali iliyododa nafasi hiyo ni kuinyima mali mpya inayotoka kwa faida kamili. Wanashauri mzigo wa zamani upangwe kwenye meza moja mwisho wa duka, ili mteja aliyevutwa na vipya aukute akiwa ameshaingia.

Faida yake ni kwamba duka halijulikani kama duka la masalia, na mteja wa kawaida haanzi kuzoea kusubiri bei zishuke. Pia anayeingia hadi ndani hupita mbele ya mali yenye bei kamili, na baadhi yao hununua.

Lakini njia hii inategemea watu ambao wangeingia hata hivyo. Duka lenye wateja wengi wa kudumu linaweza kumaliza jozi 30 kwa meza ya ndani bila kelele. Duka lenye jozi 300 na wateja wachache halitaweza, kwa sababu mali iliyododa imeshakaa ndani ya duka hilohilo mwaka mzima na wateja haohao wameshaiona. Wanaohitajika sasa ni watu wapya, nao wako nje ya kioo.

## Msimamo wa tatu: vichache na mwanga

Msimamo wa tatu unatoka kwenye shule ya upambaji wa madirisha, ambayo ilipata sifa mwanzoni mwa karne ya 20. Harry Gordon Selfridge alipofungua duka lake mtaa wa Oxford, London, mwaka 1909, aliyafanya madirisha yawe kama jukwaa na akayaacha yakiwaka usiku duka likiwa limefungwa. Wafuasi wa leo wanasema kiatu kimoja kilichoinuliwa na kumulikwa vizuri huonekana kuwa na thamani, na punguzo linaonekana kubwa pale tu ambapo kitu chenyewe kinaonekana kuwa na thamani.

Kwa mzigo uliopitwa na mtindo hoja hii inafaa sana. Kiatu cha ofisini kilichorundikwa na vingine 40 ni takataka machoni pa mpita njia. Kikiwekwa peke yake, kimepigwa rangi, kamba zimefungwa, karatasi imejazwa ndani kikashika umbo, mtu anaanza kukipima tena.

Udhaifu ni kwamba dirisha lenye vitu vichache halisemi bei rahisi. Likikosa maandishi yenye nguvu, mtu atadhani ni mali mpya ya bei ya juu na atapita. Tena dirisha la jozi tatu haliwezi kueleza kwamba ndani kuna saizi za pembeni za mitindo 15. Na kama taa zinanunuliwa kwa mkopo ili kuuza mali ambayo tayari imekula mtaji, hesabu inaweza kugoma.

## Maandishi: nini kiandikwe na kwa ukubwa gani

Msimamo wowote utakaochaguliwa, maandishi ndiyo yanayobeba kazi, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Bango la kumaliza mzigo linapaswa kujibu mambo matatu: ni nini kinauzwa, kwa shilingi ngapi, na mpaka lini.

Asilimia hazina nguvu katika masoko yetu kama zilivyo katika nchi ambazo kila kitu kina bei iliyoandikwa. Mteja aliyezoea kupatana hajui bei ya kwanza ilikuwa ngapi, kwa hiyo nusu ya bei asiyoijua haimwambii kitu. Shilingi 15,000 zinamwambia, kwa sababu anazilinganisha na zilizo mfukoni mwake. Neno hadi, kama katika punguzo hadi asilimia 70, linazidisha shaka, maana kila mteja ameshaingia duka la namna hiyo akakuta punguzo hilo ni la kitu kimoja kilichopasuka.

Bei ikiandikwa dirishani inakuwa dari. Muuzaji hawezi kuanza juu yake, na mteja atajaribu kuishusha zaidi. Hapo mwenye duka anachagua kati ya mambo mawili. Anaweza kuandika bei ya mwisho kabisa na kuongeza kwamba haipungui, kisha ashikilie neno lake kwa wote. Au aandike bei iliyo juu kidogo na kuacha nafasi ya maongezi. Ya kwanza huuza haraka na hupunguza mabishano mlangoni. Ya pili huleta shilingi zaidi kwa kila jozi, lakini inadai wauzaji wengi na muda mwingi. Kwa kuwa lengo ni kuondoa mzigo na kufungua rafu, ya kwanza ina uzito zaidi.

Tarehe ya mwisho nayo ina kazi yake. Bango lisilo na tarehe halimsukumi mtu, na baada ya wiki chache jicho la mtaa huacha kuliona. Duka la Filene's la Boston, Marekani, lilipata umaarufu kwa ukumbi wake wa chini ambako bei ilishuka kwa kalenda: asilimia 25 baada ya siku 12 za mauzo, 50 baada ya siku 18, 75 baada ya siku 24, na kilichobaki baada ya siku 30 kilitolewa sadaka. Nguvu ya mpango ule ilikuwa kwamba kila mtu aliziamini tarehe. Anayesubiri bei ishuke alijua pia kwamba mwingine anaweza kukichukua kabla yake. Ngazi ya namna hii inawezekana hata kwa duka dogo, mradi tarehe zikifika bei ibadilike kweli.

Ukubwa wa herufi una kanuni nyepesi ya kukumbuka: kila mita 3 za umbali zinadai herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 ili isomeke bila kukaza macho. Mtu aliye ng'ambo ya barabara, mita 12, anahitaji herufi za sentimita 10. Kibao cha bei kinachosomwa na aliyesimama mbele ya kioo kinatosha kuwa na herufi za sentimita 2. Bango kuu lisizidi maneno matano au sita, na tarakimu za bei ziwe kubwa kuliko maneno.

Stika nyekundu iliyobandikwa kwenye kioo ina tabia ambayo fundi mabango huwa haisemi. Mchana huonekana nyekundu. Jioni taa za ndani zikiwaka, mwanga hutoka nyuma yake, na kwa kuwa stika haipitishi mwanga, kwa mtu aliye nje inageuka nyeusi. Duka linalotegemea wateja wa jioni linafaidika zaidi na ubao wa herufi nyeupe juu ya nyekundu, uliotundikwa ndani ya dirisha na kumulikwa kwa mbele. Na bango lisikae usawa wa macho, yaani mita moja na nusu kutoka chini, kwa sababu hapo ndipo bidhaa inapotakiwa kuonekana. Likae theluthi ya juu ya kioo.

Mwisho, maandishi yana sheria zake. Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Kuandika kwamba bei ilikuwa 60,000 wakati kiatu hakijawahi kuuzwa bei hiyo ni upotoshaji, na kutangaza kwamba duka linafungwa wakati halifungwi ni vilevile. Njia salama ni kutunza risiti za mauzo ya bei ya zamani.

## Mwanga: jua halishindwi kwa taa

Juu ya taa kuna kutoelewana kwingi zaidi, kwa sababu watu huzijaribu saa sita mchana na kukata tamaa. Kioo cha kawaida hurudisha karibu asilimia 8 ya mwanga unaokipiga uso kwa uso. Barabara ikiwa kwenye jua kali, sehemu hiyo ndogo inatosha kuifunika bidhaa iliyo kivulini nyuma ya kioo. Mpita njia anajiona mwenyewe, anaona na bodaboda zilizo nyuma yake. Hakuna taa ya duka dogo inayoweza kushindana na jua hilo, na kuongeza wati ni kuongeza bili tu.

Dawa ya mchana ni kivuli. Turubai au kibaraza mbele ya kioo hupunguza mwanga unaokipiga. Bidhaa zisogezwe karibu na kioo, na ukuta wa nyuma wa dirisha upakwe rangi nyepesi, kwa sababu ukuta mweusi hukifanya kioo kuwa kama cha kujitazamia. Dirisha linalotazama magharibi lina shida zaidi alasiri, jua linapokuwa chini. Hapo turubai inayoteremka kwa pembe ina msaada kuliko ile iliyonyooka.

Taa zinaanza kulipa jua likishuka. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo mwaka mzima, muda ambao wengi wanatoka kazini. Hapo kazi ya taa inategemea mahali ilipofungwa. Ziwekwe juu, upande wa mbele, nyuma ya ukingo wa dirisha, zikitazama ndani na chini kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka mstari wa wima. Zikifungwa nyuma zikitazama barabara, zinampiga mtu machoni naye anageuza uso. Zikifungwa ubavuni kabisa, mwanga unalala juu ya bidhaa na kuonyesha kila mkunjo na kila chembe ya vumbi, jambo baya hasa kwa mali iliyokaa.

Rangi ya mwanga nayo ina uzito. Taa nyingi za bei rahisi zimeandikwa 6500K, mwanga mweupe wa bluu. Zinaonekana kali, lakini ngozi ya kahawia chini yake hufifia, na nyekundu hupoteza uhai. Kwa viatu na nguo, 3000K hadi 4000K inafaa, na kiwango cha uhalisia wa rangi, kinachoandikwa CRI kwenye boksi, kiwe 90 au karibu na hapo. Kama boksi halijaandikwa, kishike kiatu cha kahawia chini ya taa dukani kwa muuza taa, kisha kitoe mlangoni penye mwanga wa mchana. Kikionekana kijivu chini ya taa, taa hiyo iachwe.

Jambo la mwisho ni tofauti. Dirisha lililomulikwa sawasawa kote halina pa kuanzia kutazama. Kitu kinachotakiwa kuonwa kwanza kipate mwanga mara tatu hadi tano ya ule wa pembeni. Kwa hiyo taa chache za kulenga, zenye mwali mwembamba, zinafanya zaidi ya mkanda mrefu wa taa kuzunguka fremu.

## Mfano: duka la viatu lenye jozi 300

Tuchukue duka la viatu lenye dirisha la upana wa mita 3 na kina cha sentimita 60, linalotazama magharibi, na meza ya machinga imesimama mbele yake. Lina jozi 300 zilizododa. Kati yake 160 ni flati za kike zilizobaki namba 36, 37 na 41, zilizofika dukani kwa 14,000 na kuuzwa 28,000. Nyingine 90 ni viatu vya ofisini vyenye ncha, saizi zote zipo, vilivyofika kwa 32,000 na kuuzwa 60,000. Zilizobaki 50 ni raba.

Kazi ya kwanza ni kukunja soli za raba zote. Tuseme 18 zimetoa nyufa. Hizo zinaondoka kabisa. Zikiuzwa, mteja atarudi nazo wiki ijayo akiwa mlangoni mbele ya wengine, na dirisha lote litakuwa limefanya kazi ya bure. Jozi 32 nzima hazipandi dirishani. Zinakaa mezani ndani kwa 20,000, na muuzaji anamkunjia mteja soli kabla ya kulipa.

Dirisha linagawanywa. Theluthi mbili ni za flati, na bango lake linasema: SAIZI 36, 37 NA 41 TU, 15,000. Hilo neno TU ndilo moyo wa mpango. Linawaacha wengi wapite, na linamsimamisha yule mmoja ambaye amezoea kuambiwa saizi yake hakuna. Flati 12 za rangi tofauti zinatosha kuwakilisha zote, zimepangwa kwa ngazi, na ngazi ya chini ianze juu ya usawa wa meza ya machinga, kiasi cha mita moja kutoka chini, la sivyo hazionekani.

Theluthi iliyobaki ina jozi tatu tu za ofisini, zimeinuliwa na kumulikwa. Bango lake: VYA OFISINI, SAIZI ZOTE, 38,000. ILIKUWA 60,000. Juu ya dirisha zima unakuja ubao mmoja: TUNAMALIZA MZIGO MPAKA TAREHE 30. Mauzo yaanze siku za mishahara, yaende mpaka tarehe hiyo, na dirisha lipangwe upya kila wiki.

Taa ni sita za LED za wati 7, nne zikilenga vya ofisini na ubao wa juu, mbili zikitandaza mwanga kwenye flati. Zikiwaka saa tano kila jioni zinakula uniti 0.21 kwa siku. Hata uniti ikihesabiwa shilingi 400, hiyo ni chini ya shilingi 100 kwa siku. Taa za zamani za halojeni za wati 50 zingekula mara saba zaidi, na joto lake ndani ya dirisha la kina cha sentimita 60 lingeilegeza gundi ya viatu vyenyewe.

Sasa hesabu. Flati zikitoka zote, zinaacha shilingi 1,000 juu ya gharama kwa kila jozi, yaani 160,000. Vya ofisini vinaacha 6,000 kila jozi, yaani 540,000. Jumla ni 700,000, na hiyo ni kama hakuna kinachobaki. Mabango, taa na rangi ya ukuta vikigharimu 200,000, vimeshakula zaidi ya robo. Kwa hiyo mpango unaodai 600,000 za upambaji, hata ukiwa mzuri kiasi gani, haufai kwa mzigo huu. Lakini pia haifai kutazama faida hiyo peke yake. Fedha za kununulia zilishatoka zamani, na mtaji wa zaidi ya milioni 5 uliolala kwenye flati na viatu hivyo ndio unaotakiwa kurudi ili rafu ipate mali inayotembea.

## Kupima misimamo

Mfano huu unaonyesha kwamba misimamo yote mitatu inaweza kukaa duka moja bila kugombana, kila mmoja kwenye mzigo wake. Flati zimechukua wingi kutoka msimamo wa kwanza, ila wingi uliochujwa kwa saizi. Vya ofisini vimechukua uchache na mwanga kutoka msimamo wa tatu. Raba zimechukua meza ya ndani kutoka msimamo wa pili, kwa sababu zinahitaji mtu wa kuzionyesha.

Kama duka lina sababu moja tu ya kudoda, uchaguzi unakuwa mwepesi zaidi. Saizi za pembeni peke yake hazihitaji taa nyingi. Zinahitaji namba kubwa kwenye bango. Mtindo uliopitwa hauhitaji rundo. Unahitaji bei mpya na jozi chache zilizosafishwa. Mali inayochakaa isitegemee dirisha kabisa, maana jua na joto la dirishani huizidisha. Na duka lenye jozi 20 au 30 na wateja wa kudumu halina haja ya kugusa dirisha. Simu kwa wateja na meza ya ndani vinatosha.

Gharama isiyoonekana iko kwenye mazoea. Duka linalotangaza kumaliza mzigo kila mwezi hufundisha wateja wake wasinunue kwa bei kamili. Mara moja au mbili kwa mwaka, kwa tarehe zinazoheshimiwa, ni kiasi ambacho wengi wanaweza kukibeba.

## Muhtasari

Ubishi kuhusu dirisha la kumaliza mzigo unatokana na kuanza na mapambo kabla ya kujua mzigo umedoda kwa nini. Rundo hutangaza wingi lakini humkosa mteja mwenye saizi maalumu. Meza ya ndani hulinda jina la duka lakini haileti watu wapya. Vichache na mwanga hurudisha thamani lakini havisemi bei rahisi bila maandishi. Bango litaje kitu, shilingi na tarehe, kwa herufi zinazolingana na umbali. Mchana tafuta kivuli, jioni washa taa chache zinazolenga kutoka mbele. Gharama ya mpango ipimwe kwa faida iliyobaki kwenye mzigo, na chochote kisichopita kipimo cha kukunjwa kiondolewe kabla bango halijapanda.